Mkono wa mtu mwingine umeingia pembeni ya picha: namna ya kupanua uwanja na kujenga tena ukuta wa nyuma

Hapa kwetu Masisi, familia nyingi ziko na picha moja tu ya mzee wao. Kadre ilibaki ukutani siku watu walikimbia, albamu ililoweshwa na mvua, na kilichobaki ni foto moja ndani ya telefone ya mtoto. Ile picha inapelekwa studio ili itolewe kubwa, na pale ndipo watu wanaona kitu ambacho kwenye telefone hawakukiangalia: pembeni kuko mkono wa mtu mwingine. Labda alikuwa jirani aliyesimama karibu, ama kijana aliyekuwa anaonyesha kitu. Yeye mwenyewe hayuko kwenye picha, mkono wake tu ndio uko.

Wengi wanawaza kazi ni kukata tu ule upande wenye mkono. Wakati mwingine inatosha. Lakini mara nyingi ukikata, unapoteza kitu kingine. Kuko njia ya kufanya kinyume: badala ya kupunguza picha, unaiongezea nafasi nje ya mpaka wake, unafuta mkono, na unajenga tena kile ambacho kingeonekana nyuma. Tueleze ile kazi hatua kwa hatua, pamoja na mahali inapokatazwa, kwa kuwa hapa kwetu picha ya nyumba si ukumbusho peke yake.

Mfano wetu

Tuchukue picha kama zile zinazopigwa Lushebere kila siku. Mzee amesimama mbele ya nyumba yake ya mbao, kofia kichwani, mikono kiunoni. Mbao za ukuta zimelazwa. Juu ya paa la manjanja kunaonekana kilima na mikaratusi, chini kuko udongo wa kiwanja na majani kidogo. Upande wa kushoto, mkono wenye shati jeusi unaingia toka nje ya picha, unafika karibu ya kiwiko cha mzee lakini haumgusi.

Telefone ilitoa picha ya pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa urefu. Mkono unachukua pikseli 400 za kwanza kushoto. Kiwiko cha mzee kinaanzia pikseli 700. Kwa hiyo katikati ya mkono na mzee kuko kamba ya ukuta safi ya pikseli 300. Upande wa kulia wa mzee kuko ukuta safi zaidi, kama pikseli 800.

Familia inataka kadre ya sentimita 20 kwa 25. Hapa ndipo hesabu inasema. Ukikata mkono, unabaki na upana wa 2600. Kadre ya 20 kwa 25 inadai kwamba kwa kila pikseli 4 za upana kuwe na 5 za urefu, kwa hiyo kwa upana wa 2600 urefu unakuwa 3250. Lakini toka kofia mpaka viatu, mzee wetu ana urefu wa pikseli 3450. Haingii. Utachagua kumkata kofia ama kumkata miguu.

Sasa geuza hesabu. Ukiacha urefu wote wa 4000, kadre inadai upana wa 3200. Sisi tuko na 3000. Kumbe tunakosa 200 tu. Tukiongeza zile 200 upande wa kushoto, na tukifuta mkono, mzee anabaki mzima na kadre inajaa.

Juu ya nini kuongeza nafasi mbele ya kufuta

Mtu anaweza kuuliza: si ningefuta mkono kwanza, mambo ya upana nyuma? Kwenye ordinatere, kuongeza nafasi kwanza kunasaidia kwa sababu moja kubwa. Mkono uliokatika katikati ya picha uko na ukuta pande zote, na unaweza kuufunika kwa kuvuta ukuta toka kushoto na toka kulia. Mkono unaoingia toka mpakani uko na ukuta upande mmoja tu. Upande mwingine hakuna kitu, picha imeisha. Kifaa cha kuponya doa kinafanya kazi kwa kulinganisha rangi za pande zote, na pale mpakani kinakosa upande wa pili. Matokeo ni ile tope nyeusi tunayoiona kwenye picha nyingi: rangi ya shati inavutwa ndani ya ukuta, na mpaka unakuwa kama umepakwa masizi.

Ukiwa na nafasi nje, unaweza kuweka kipande kikubwa cha ukuta kinachopita mpaka, unakisogeza mpaka mistari ya mbao ikutane, halafu unakata mwisho. Ni sawa na fundi anayefunika nyumba: anaacha manjanja yapite ukuta kidogo, ndipo anayakata kwa mstari mmoja.

Kwenye mifano tunatumia programu GIMP, kwa kuwa haiuzwi na inafanya kazi bila enterneti. Majina tunayaandika vile yanaonekana kwa Kiingereza. Mwenye ordinatere ya Kifaransa atayapata mahali palepale kwenye menyu.

Hatua ya kwanza: soma picha

Mbele ya kugusa kitu, fungua kopi, picha ya kwanza iache mbali. Halafu uliza swali hili kwa mwenye picha: «Mama, ule mkono ni wa nani, na pale nyuma yake kulikuwa nini?» Akijibu «kulikuwa ukuta tu, baba», kazi inaweza kuendelea. Akisema kulikuwa mlango, ama mtoto amekaa pale, mambo yanabadilika. Tutarudi juu ya hilo.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza ni mistari: mbao zinaelekea wapi? Kama fotografe hakusimama sawa mbele ya nyumba, mbao upande mmoja zinaonekana nene kuliko upande mwingine. Pima. Kwenye mfano wetu, ubao mmoja upande wa kulia uko na unene wa pikseli 170, na ubao uleule upande wa kushoto uko na 155. Ukichukua kipande cha kulia na kukibandika kushoto bila kukipunguza, mistari haitakutana hata siku moja.

La pili ni kivuli. Mkono uliokuwa mbele ya jua ulitupa kivuli mahali fulani, ukutani ama chini. Watu wanafuta mkono wanasahau kivuli chake, na picha inabaki na kivuli kisicho na mwenyewe. Mtu anayeangalia hatajua kinachomsumbua, lakini ataona kuko kitu si sawa.

Hatua ya pili: panua uwanja

Nenda `Image`, halafu `Canvas Size`. Kwa Kifaransa ni `Taille du canevas`. Fungua ule mnyororo mdogo unaofunga upana na urefu pamoja, ju ukibaki umefungwa urefu pia utabadilika. Tunahitaji 3200 lakini tunajipa nafasi zaidi, kwa hiyo andika hivi:

```
Width: 3400
Height: 4000
Offset X: 400
```

`Offset X` ya 400 inasukuma picha kulia, ili nafasi mpya yote iwe kushoto. Ukisahau, nafasi itatokea upande wa kulia ambako hatuihitaji. Bonyeza `Resize`. Sasa pembeni kushoto utaona miraba midogo ya kijivu: maana yake hapo hakuna kitu.

Usijenge juu ya picha yenyewe. Kila kipande kiweke kwenye tabaka lake, `Layer` mpya juu ya picha. Ukikosea unafuta tabaka, picha inabaki.

Kwenye tabaka moja chora mistari ya kukuongoza. Chukua `Pencil`, bonyeza kwenye mwanzo wa mstari wa ubao karibu ya kiwiko cha mzee, shika `Shift`, bonyeza tena mbele kidogo kwenye mstari uleule, halafu endelea mpaka nje kushoto. Fanya hivyo kwa mbao nne au tano, kwa ukingo wa paa na kwa mguu wa ukuta. Sasa unajua kila ubao utapita wapi. Mwisho lile tabaka utalifuta.

Hatua ya tatu: leta kipande kikubwa

Kosa la wengi ni kuanza na brashi ndogo, kupaka ukuta kidogokidogo. Ukuta wa mbao ukijengwa kwa brashi peke yake unakuwa na mawimbi. Anza na kipande kikubwa.

Chagua ule ukuta safi wa kulia wenye upana wa 800, kopi, bandika, na ugeuze kuwa tabaka. Kwa kuwa mbao za kulia ni 170 na za kushoto ni 155, punguza kipande kwa kifaa `Scale` mpaka asilimia 91. Upana wake unakuwa kama 730. Tunahitaji kufunika 400 za mkono na 200 za nafasi mpya, jumla 600. Zile 130 zinazobaki zitapanda juu ya kamba safi iliyo karibu ya mzee, na hapo ndipo tutaunganisha.

Sogeza kipande mpaka mistari yake ilale juu ya mistari ya kukuongoza. Kama imeinama kidogo, tumia `Perspective` na uvute pembe moja moja. Usiridhike ubao mmoja ukikutana, angalia wa juu kabisa na wa chini kabisa.

Mtu anaweza kujaribu kugeuza kipande kama kwenye kioo. Angalia vizuri: ukigeuza, mwanga unageuka pia. Msumari uliokuwa na kivuli upande wa kulia sasa uko nacho kushoto, na ubao wa juu unaolalia wa chini unaonekana umepigwa na jua lingine.

Baada ya mistari, angalia mwanga. Ukuta wa kulia mara nyingi hauna mwanga sawa na wa kushoto. Fungua `Levels` juu ya kile kipande peke yake, na usogeze ule mshale wa katikati polepole mpaka rangi ilingane na kamba safi. Ukifanya hivyo baada ya kuunganisha, utakuwa umechelewa.

Kuunganisha kunafanywa na maski. Nenda `Layer`, `Mask`, `Add Layer Mask`, chagua nyeupe. Paka rangi nyeusi kwa brashi laini pale kipande kinapopandia kamba safi, na picha ya chini itatokea tena. Rangi nyeupe inarudisha kipande. Mshono usiufanye mstari sawa toka juu mpaka chini, jicho linaukamata mara moja. Kwenye ubao mmoja uweke karibu ya mzee, kwenye ubao unaofuata uweke mbali kidogo, kama vile mafundi wanapishanisha matofali.

Nafasi mpya haiko kwenye ukuta peke yake. Juu kuko mbingu na kilima, chini kuko udongo. Hizi ni rahisi, ju majani na mawingu hayana mistari. Kipande cha jirani kinatosha, maski laini, basi.

Hatua ya nne: brashi ndogo

Sasa ndipo `Clone` inaingia. Tengeneza tabaka jipya, weka alama kwenye `Sample merged` ili kifaa kisome matabaka yote, shika `Ctrl` na ubonyeze pale unapotaka kuchukua ukuta, halafu paka pale unapotaka uende. Chanzo kibadilishe mara kwa mara. Ubao una vifundo, na kifundo kilekile kikionekana kushoto na kulia mwa mzee, siri imetoka. Tafuta vifundo vyote kwenye kipande ulicholeta, na viwili au vitatu vinavyoonekana sana uvifunike na ubao wa kawaida.

`Heal` iache mwisho kabisa, kwa kulainisha mishono tu, na usiilete karibu ya ukingo wa shati la mzee. Inachanganya rangi za jirani, kwa hiyo ikigusa shati jeupe itapeleka weupe kwenye ukuta kama moshi.

Kivuli cha mkono kifute vilevile kwa `Clone`, ukichukua udongo wenye jua wa palepale karibu.

Namna ya kujua kama imekubali

Kata picha kwenye upana wa 3200, ukitoa 200 za kushoto. Halafu fanya majaribio matatu. Geuza picha nzima kama kwenye kioo: jicho lililozoea litaona upya, na makosa yatatokea. Ongeza kontrasti sana kwa muda mfupi: mishono iliyojificha itaonekana kama madoa. Mwisho, punguza picha mpaka iwe ndogo kama picha ya pasporo. Kama jicho linaenda kwa mzee moja kwa moja, ni sawa. Kama linakimbilia kushoto, bado.

Kwenye kadre, ubao wa pembeni unafunika kama nusu sentimita. Kwa picha hii, sentimita 20 zinabeba pikseli 3200, yaani 160 kwa kila sentimita, na nusu sentimita ni 80. Kwa hiyo sehemu ya ile nafasi mpya haitaonekana kabisa. Usipoteze siku nzima kwenye pikseli 80 za mwisho.

Wenye telefone tu, kuko Snapseed, yenye vifaa `Healing` na `Expand`. Hapo utaratibu unageuka: futa mkono kwanza, ndipo upanue. `Expand` inajaza nafasi kwa kurudia kile kilicho mpakani. Kama mkono bado uko pale, itazaa mkono mwingine. Kwa mbingu na majani inafanya vizuri, kwa mbao inavunja mistari mara nyingi.

Tena, picha isitumwe studio kwa WhatsApp kama foto ya kawaida. Inapunguzwa, mara nyingi mpaka karibu pikseli 1600 kwa urefu, na ukuta unajaa vimiraba ambavyo vinaonekana ukianza kuvikopi. Itume kama dokima, ama ipeleke ndani ya kadi ya memori.

Pale ambapo hairuhusiwi

Tuseme wazi kile tumefanya: ule ukuta wa kushoto hatukuurudisha, tumeukisia. Kilichofichwa na mkono hakimo kwenye picha, na hakuna kifaa kinachoweza kukitoa. Kwa ukumbusho wa familia, ambako wenyewe wanajua na wamekubali, hakuna ubaya. Lakini kama yule mama angejibu kwamba nyuma ya mkono kulikuwa mtoto, basi huwezi kumtengeneza yule mtoto, na kuweka ukuta mahali pake ni kumfuta. Hapo afadhali kuacha mkono.

Kwa habari, sheria ni kali zaidi. Mwaka 2010, shindano la World Press Photo lilimnyang'anya zawadi fotografe Stepan Rudik kwa sababu alifuta kipande kidogo cha mguu wa mtu kwenye picha yake. Mwaka 2014, shirika la habari Associated Press liliacha kazi na Narciso Contreras, ambaye alifuta kamera ya video iliyoonekana kwenye pembe ya picha aliyoipiga Siria. Wote wawili hawakubadilisha habari yenyewe. Waliondoa tu kitu cha pembeni kilichowasumbua, na ilitosha. Picha inayotumwa kwa redio kama habari ikiwa na mkono pembeni, tunaiacha na mkono wake, ama tunaikata.

Na kuko jambo ambalo sisi wa Masisi tunalielewa kuliko wengine. Picha ya mzee mbele ya nyumba yake, iliyotolewa leo kwa ajili ya matanga, kesho mtoto anaweza kuipeleka mbele ya shefu kuonyesha kwamba familia ilikaa pale, na ukuta ulifika hapa. Kwenye mfano wetu tumeongeza pikseli 200 za ukuta ambao telefone haikuuona. Labda nyumba iliishia palepale. Labda pale kulikuwa ua wa jirani. Picha iliyotengenezwa namna hiyo ikiingia kwenye mabishano ya kiwanja, inasema uongo bila mtu kukusudia, na upande wa pili ukigundua, hata ukweli wa familia hautaaminiwa tena.

Kwa hiyo mwenye studio afanye mambo mawili mbele ya kurudisha kazi. Arudishe faili mbili, ile ya kwanza kama ilivyotoka kwenye telefone na ile iliyotengenezwa, kila moja na jina linaloonyesha tofauti. Na nyuma ya karatasi iliyochapwa, aandike kwa kalamu: «Upande wa kushoto umejengwa». Maneno manne tu. Ukutani hakuna atakayeyaona, lakini siku kadre itafunguliwa kwa sababu ingine, yatakuwa pale.